Wanafunzi wananiona nimeganda: je, ninunue kifurushi cha 20?

Assalaam aleikum Kaka Fundi,

Mimi ni mwalimu. Nafundisha wageni Kiswahili kwa simu ya video, mwanafunzi mmoja mmoja, nikiwa nyumbani kwetu Mikindani. Tuna intaneti ya kulipia kila mwezi, ile ya antena juu ya paa. Karatasi yao imeandika 10 Mbps kushusha na 3 Mbps kupandisha. Juzi asubuhi, nyumba ikiwa tupu, nilipima kwa waya nikapata 9.3 na 2.8.

Mchana mambo ni shwari. Taabu huanza saa moja usiku hadi saa nne hivi. Wanafunzi huniambia, "Mwalimu, umeganda," na sauti yangu inawafikia vipande vipande, ilhali mimi nawaona na kuwasikia vizuri. Saa hizo baba watoto yuko na runinga, mdogo wetu ana katuni kwenye tableti, mama mkwe anaongea kwa video na wifi yangu aliyeko London, na shemeji yangu anayepiga video za harusi amejifungia na kompyuta yake. Mara nyingine hata runinga inakwama. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema kampuni inatuibia, kwani akishusha gemu anaona 1.1 badala ya 10.

Kampuni wameniambia ninunue kifurushi cha 20, yaani niongeze shilingi elfu mbili kwa mwezi. Kabla sijazitoa, nieleze: nyumba ya watu sita inahitaji ngapi?

Mwalimu, Mikindani

*

Waaleikum salaam Mwalimu,

Nianze na kijana, maana kesi yake ni fupi na ndiyo inayotufungulia hesabu zote. Hajaibiwa. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, na programu ya gemu huonyesha kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mwambie atazame herufi: Mbps, yenye b ndogo, ni megabiti kwa sekunde. MB/s, yenye B kubwa, ni megabaiti kwa sekunde. Wewe ulipima 9.3. Gawa kwa 8, unapata 1.16. Yeye anaona 1.1. Kwa maneno mengine, kijana akiona 1.1 ni kwamba amechukua karibu intaneti yote ya nyumba, na mwenye haki ya kulalamika hapo si yeye, ni ninyi wengine.

Hapo hapo mfundishe na hesabu ya muda, itakusaidia mbele kidogo:

```
sekunde = GB × 8000 ÷ Mbps
```

Gemu la GB 18 ni megabiti 144,000. Gawanya kwa 9.3, inakuwa sekunde 15,484, kama saa nne na dakika kumi na nane. Hiyo ni kama hakuna mwingine anayegusa mtandao. Akiniambia limemaliza kwa saa mbili nitajua anatumia intaneti ya jirani.

Sasa swali lako. "Watu sita" hakuniambii kitu. Nyumba ya watu kumi wanaosoma ujumbe inaweza kutosheka na megabiti 2, na mtu mmoja anaweza kuzimaliza 100 peke yake. Ninachotaka kujua ni kila mmoja anafanya nini, na katika kufanya huko anakunywaje.

Runinga na tableti zina mtungi. Filamu haiji tone kwa tone. Kifaa huvuta kipande cha sekunde kadhaa kwa mkupuo, hukiweka akiba, hutulia, kisha huvuta kingine. Ndiyo maana unaweza kuchomoa waya wa ruta na filamu ikaendelea kidogo kabla ya kusimama. Kwa hiyo kwa video tunahesabu wastani. Netflix wanashauri megabiti 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. YouTube kwa picha ya 480p, ambayo kwenye tableti ya mtoto inatosha kabisa, wanataja 1.1. Kasi ikipungua, programu hizi huteremsha ubora wa picha zenyewe, na baba watoto ataona ukungu kidogo kwenye jezi kabla hajaona duara likizunguka. Mpira wa moja kwa moja una mtungi mdogo kuliko filamu, kwa sababu huwezi kuweka akiba ya goli ambalo halijafungwa.

Simu ya video haina mtungi. Neno ulilotamka sasa linatakiwa kufika sasa. Likichelewa sekunde mbili halina kazi tena, programu inalitupa, na ndipo mwanafunzi anasikia vipande. Kitu cha pili kuhusu simu ni kwamba inakunywa pande zote mbili: unashusha picha yake na unapandisha yako. Zoom wanataja megabiti 1.2 kila upande kwa mazungumzo ya watu wawili katika ubora wa 720p, na 0.6 kila upande kwa ubora wa chini yake. Ukipokea sauti peke yake ni chini ya 0.1, kwa hiyo sauti si mzigo hata kidogo.

Kundi la tatu ni la kushusha na kupandisha mafaili, na hili halina kiwango. Ukilipatia faili megabiti 5 litakula 5, ukilipatia 50 litakula 50. Usiliingize kwenye jumla ya mahitaji. Liulize swali moja tu: litamaliza lini? Wengi hukosea hapa, wanajumlisha "gemu, megabiti 10" kwenye orodha yao kisha wanakimbilia kifurushi kikubwa zaidi, na gemu linakula hicho pia.

Basi tuhesabu nyumba yako saa mbili usiku. Usitumie ile 10 ya kwenye karatasi, tumia ulichopima. Na usikitumie chote: mimi huchukua asilimia 80, kwa sababu video huvuta kwa mikupuo na mikupuo ya watu wawili hugongana. Asilimia 80 ya 9.3 ni 7.4. Asilimia 80 ya 2.8 ni 2.2.

Upande wa kushusha: runinga kwa 1080p ni 5, tableti ya katuni 1.1, darasa lako 1.2, mama mkwe na wifi wa London 0.6. Jumla 7.9. Imepita 7.4 kidogo, lakini haijafika 9.3. Nyumba kama hii inabanana bila kuvunjika. Kitakachotokea ni runinga kushuka ubora kwa dakika chache hapa na pale.

Upande wa kupandisha: darasa lako 1.2, mama mkwe 0.6. Runinga na tableti nazo hupandisha kidogo, kwa sababu data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti chache zinazopokea hurudisha risiti ya "nimepata". Hizo risiti kwa nyumba yako zitafika kama 0.15. Jumla 1.95, na unayo 2.2. Inatosha.

Kwa hesabu hii darasa lako halina sababu ya kuganda. Lakini linaganda, tena linaganda upande mmoja. Umeniandikia kitu ambacho wengi hawakiandiki: wao hawakuoni, wewe unawaona. Picha yao inakuja kwa njia ya kushusha, na hiyo haina neno. Picha yako inaondoka kwa njia ya kupandisha. Mgonjwa yuko huko.

Na katika orodha yako kuna mtu mmoja ambaye hukusema anafanya nini. Shemeji anapiga video za harusi. Mpiga video akirudi kazini humwaga kadi yake kwenye kompyuta na kuituma mtandaoni, ama kwa mteja ama kwa mhariri ama kwa akiba. Sijui faili zake zina ukubwa gani, lakini jaribu GB 4, kitu cha kawaida kabisa kwa harusi. Megabiti 32,000 gawa kwa 2.8, ni sekunde 11,429, yaani saa tatu na dakika kumi. Akianza saa moja usiku, anamaliza saa nne na dakika kumi. Linganisha na saa ulizoniandikia.

Simlaumu shemeji. Yeye hajui, kwa sababu kwake hakuna kinachoganda. Ila elewa kinachotendeka kwenye njia ya kupandisha, maana ndicho kinachofanya ushauri wa kampuni usikusaidie. Kompyuta yake inasukuma pakiti haraka kuliko antena inavyoweza kuzipeleka. Zile za ziada hazitupwi, zinapangwa foleni. Foleni ikikusanya megabaiti 1, hizo ni megabiti 8, na kwa kasi ya 2.8 kila anayeingia nyuma yake atasubiri karibu sekunde tatu. Neno lako "habari zenu" likitoka kwenye kompyuta yako linaingia foleni hiyo hiyo, kama mwenye pikipiki aliyefika kivuko cha Likoni nyuma ya malori ishirini. Pikipiki yake ni nyepesi, ingevuka bila shida, lakini zamu yake haijafika. Zoom inaweza kupunguza ubora wa picha yako hadi ibaki madoa matupu, na bado haitapunguza urefu wa foleni ambayo imejazwa na mtu mwingine.

Na runinga inakwama kwa sababu hiyo hiyo, ingawa yenyewe inashusha. Zile risiti nilizokutajia nazo zinakaa foleni. Seva ya filamu isipopata risiti kwa wakati inadhani njia imeharibika na inapunguza mwendo. Hivyo unaweza kuwa na megabiti kadhaa za kushusha zimekaa bure na runinga bado inazungusha duara. Fundi anayepima upande wa kushusha peke yake hataiona kasoro hii hata akija mara tatu.

Usiniamini kwa maneno, pima. Chomeka kompyuta yako kwenye ruta kwa waya ili tuitoe waifai kwenye kesi, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika hivi:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Kila sekunde utaona mstari wenye neno `time=` na namba ya milisekunde. Shemeji akiwa hatumi kitu, namba hiyo inatakiwa kukaa kwenye makumi na kutulia. Kisha mwite, mwambie aanze kutuma faili, na uangalie. Ikipanda hadi mamia, au ikavuka 1000, umemwona mchawi wako kwa macho. Mwambie asimamishe, na katika sekunde chache itarudi chini. Kwa mazungumzo, sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja watu huanza kukatizana, na hiyo ni mbali kabla ya kufika sekunde tatu. Ukimaliza, bonyeza Ctrl+C.

Dawa ya bure ni saa. Shemeji atume kuanzia saa tano usiku, na faili la GB 4 litakuwa limefika kabla ya saa nane na robo, mkiwa mmelala. Programu nyingi za kuhifadhi mafaili zinaruhusu kupangiwa saa, au zinasimamishwa kwa kubonyeza mara moja. Na mkague simu za kila mtu pia, maana simu nyingi hupandisha picha na video zenyewe pindi zinapoonja waifai, na mtu hurudi na waifai ya nyumbani jioni. Simu nne zinazopandisha picha za sherehe ya jana zinakufanyia kile kile anachofanya shemeji, bila mwenye simu kushika kitu.

Kama mteja anamsubiri na hawezi kungoja usiku, basi awekewe kikomo. Kutoka 2.8 toa 1.95 ya simu na risiti, inabaki 0.85. Mpe 0.8. Hapa chungeni ile b ndogo na B kubwa, kwa sababu sehemu ya kikomo kwenye programu hizi mara nyingi huandikwa KB/s. Megabiti 0.8 ni kilobiti 800, na kilobiti 800 gawa kwa 8 ni KB/s 100. Mtu akiandika 800 kwenye kisanduku hicho amejipa megabiti 6.4, mara mbili na zaidi ya mlicho nacho, na ni sawa na kutoweka kikomo chochote. Nimeona kosa hili kwa watu wanaojiita mafundi. Kwa kikomo cha 100 faili la GB 4 litachukua saa kumi na moja, kwa hiyo nadhani mwenyewe atachagua usiku.

Njia ya tatu ni ruta yenyewe. Ingia kwenye mipangilio yake utafute sehemu ya kupanga foleni, iliyoandikwa `QoS` au `SQM`. Ukiikuta, iambie kasi yako ya kupandisha ni 2.5, chini kidogo ya uliyopima, na ya kushusha 8.4. Ukiiandikia kasi ndogo kuliko ya kweli, foleni inajengeka ndani ya ruta yako badala ya kwenye vifaa vya kampuni, na ruta nzuri huipitisha pikipiki kabla ya malori. `SQM` hufanya hivyo bila maelezo mengi. `QoS` ya ruta za bei rahisi wakati mwingine ni jina tu, kwa hiyo ukiiwasha rudia ule mtihani wa ping huku shemeji anatuma. Namba isiposhuka, izime na urudi kwenye saa.

Kuhusu kifurushi cha 20. Waulize swali moja: kupandisha ni ngapi? Kama ni 3 ile ile, umelipa elfu mbili kumfurahisha kijana na gemu lake, na wewe utaendelea kuganda. Kama ni 5, shemeji atamaliza kwa saa moja na dakika arobaini na saba badala ya saa tatu, lakini kwa hiyo saa moja na dakika arobaini na saba utaganda vile vile, kwa sababu faili litaijaza 5 kama lilivyoijaza 2.8. Kikubwa kinafupisha mateso tu.

Mahali ambapo ningekubali ununue ni kama baba watoto analeta runinga ya 4K na anataka kuitumia kwa 4K. Hapo 5 inakuwa 15, na jumla ya kushusha inapanda kutoka 7.9 hadi 17.9. Asilimia 80 ya 20 ni 16. Unaona hata 20 haimtoshi vizuri. Mwambie runinga iwekwe 1080p kwenye mipangilio ya programu, na kwa umbali wa makochi ya sebuleni sidhani kama atajua.

Na wewe ukiamua siku moja kufungua darasa la wanafunzi watano kwa pamoja, hesabu yako nayo inabadilika. Kwa kikao cha watu wengi katika 720p, Zoom wanataja 2.6 kupandisha na 1.8 kushusha. Hiyo 2.6 peke yake imekaribia 2.8 yote uliyo nayo, na mama mkwe atakuwa hana pa kupita. Zima ubora wa HD kwenye mipangilio ya video na utashuka hadi kama 1.0. Wanafunzi wanahitaji kuona midomo yako ikitamka ng' na gh, na hilo picha ndogo inalitosheleza.

Jambo moja limebaki. Ulipima asubuhi, na antena za paa hugawana mnara mmoja na mtaa mzima. Pima tena saa mbili usiku, kwa waya, kila mtu akiwa ameweka kifaa chake chini kwa dakika tano. Ukipata 9 na 2.7, chukua niliyokuandikia kama yalivyo. Ukipata 5 na 1, shemeji hana kosa kubwa, hesabu inaanza upya na namba hizo, na safari hii ukiwapigia kampuni usiwaulize kifurushi. Wasomee vipimo vya asubuhi na vya usiku, tarehe na saa, siku tatu mfululizo.